Midomo Inakufa Ganzi Baada ya Kula Kome: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Kisumu iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa kwa barabara, na hapo ndipo shida inapoanzia. Kome, chaza na kombe wanaofika kwenye majiko yetu wamesafiri, aidha kwa ndege ndani ya masanduku ya barafu kutoka Pwani, aidha wakiwa wamegandishwa kwenye pakiti kutoka ng'ambo. Mpishi hajaiona bahari walikotoka. Mgeni akiumwa baada ya kula, sote tunakimbilia kuangalia friji, ubao wa kukatia na mikono ya aliyepika. Mara nyingi ni sawa kuanzia hapo. Lakini kuna sumu ambayo iliingia ndani ya nyama kabla mvuvi hajaigusa, na jiko safi kuliko yote haliwezi kuiondoa. Inatokana na mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaozaana kwa wingi baharini kwa siku chache kisha ukapotea.

Nimeandika haya kwa wenzangu wa jikoni na kwa yeyote anayejikuta na mgonjwa mezani. Anza na dalili na saa zilivyofuatana. Ukikosea hapo, kila kitu kinachofuata kitapotoka.

Dalili: midomo inachonyota, kisha vidole, ndani ya nusu saa

Hii ndiyo dalili ya kuiogopa kuliko zote. Mtu anaanza kuhisi midomo, ulimi na ufizi vinachonyota au vimekufa ganzi, kama mtu aliyechomwa sindano kwa daktari wa meno. Inaweza kuanza dakika tano baada ya kula, mara nyingi ndani ya nusu saa, na kwa wengine baada ya saa mbili au tatu. Ganzi inasambaa usoni na shingoni, kisha inafika kwenye ncha za vidole vya mikono na miguu. Wengine wanasema wanahisi kama wanaelea. Tumbo linaweza kuchafuka au lisichafuke kabisa. Akiwa amekula sumu nyingi, ulimi unakuwa mzito, miguu inalegea, na mwishowe misuli ya kupumulia inachoka.

Chanzo ni sumu iitwayo saksitoksini. Mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe kwa kufungua vimilango vidogo vinavyopitisha sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Saksitoksini inaingia kwenye vimilango hivyo na kuviziba kama kizibo kwenye chupa. Ubongo unatoa amri, msuli hauipati. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kulala pale amelegea, hawezi kuinua mkono wala kujibu, na huku anasikia kila neno linalosemwa juu yake. Tafadhali zungumza naye, mwambie unachofanya.

Mwani unaotengeneza sumu hii ni chakula cha kome, na kome haumii. Mwaka juzi nikiwa Mombasa mvuvi mmoja alinionyesha jambo ambalo sijalisahau. Alijaza mabeseni mawili ya kioo maji ya bahari, akanyunyizia hamira kidogo katika kila moja mpaka maji yakawa meupe kama uji mwepesi. Katika beseni moja aliweka kome sita walio hai. Tulikaa tukazungumza, na baada ya kama saa moja beseni lenye kome lilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili. Lile jingine lilibaki na ukungu wake. Kome mmoja huchuja lita kadhaa za maji kwa saa, anabakiza kinacholiwa na kuyaachia maji. Sasa weka mwani wenye sumu mahali pa hamira, mfululizo wa siku kumi, usiku na mchana. Kila chembe ina sumu kidogo mno, lakini kome anaikusanya yote mwilini.

Kamba hawali hivyo. Hawachuji maji, ndiyo maana nyama ya mkia wa kamba si mahali pa kwanza pa kushuku. Kaa na kambakoche wako katikati: nyama yao kwa kawaida haina shida kubwa, lakini ile rojo ya kijani au kahawia ndani ya kifua, ambayo wengine huipenda, ndiyo ini lao, na sumu hujikusanya hapo. Kombe wale wakubwa nao, ukila ule msuli mweupe peke yake hatari ni ndogo. Ukiwala wazima na matumbo yao, hesabu inabadilika.

Dalili: midomo imevimba na ngozi ina vipele

Hii inachanganywa na ile ya kwanza, na mimi mwenyewe niliwahi kuichanganya. Jumamosi moja usiku kijana wa kuhudumia meza alinijia mbio: "Shefu, mgeni wa meza ya nane anasema midomo imemharibikia." Tulikuwa tumempa sahani ya mchanganyiko, kamba na kome. Nilikuwa nimetoka tu kusoma habari za mwani, na akili yangu ikaruka moja kwa moja huko. Nilipofika nikamkuta mama mmoja akijikuna shingo. Midomo ilikuwa imefura, si ganzi, na mikononi alikuwa na mabaka mekundu yaliyoinuka. Nikamuuliza, "Mama, unahisi midomo yako nikigusa?" Akasema anahisi vizuri, ila inawasha na koo limeanza kubana. Huo ulikuwa mzio wa kamba. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano ya adrenalini, na baada ya muda mfupi akawa anaongea kama kawaida.

Tofauti iko hapo. Mzio unavimbisha, unawasha na kutoa vipele, na hisia ya kuguswa inabaki. Sumu ya mwani inaua hisia, na ngozi inabaki kama ilivyokuwa. Mzio pia humpata mtu mmoja mezani, ilhali sumu humpata kila aliyekula kutoka sufuria ile ile, kulingana na alivyokula. Kwa hiyo swali la pili baada ya "unahisi nini" ni "nani mwingine amekula hii?" Wapigie simu waliokwisha kuondoka.

Kama walikula jodari na uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga na moyo unakwenda mbio, hilo ni jambo jingine kabisa: samaki aliyekaa kwenye joto akatengeneza histamini. Hapo ndipo lawama ya friji inapofaa.

Dalili: tumbo linaendesha

Angalia saa. Kuharisha na kutapika kunakoanza nusu saa hadi saa chache baada ya kula kome, bila homa, na kunakoisha ndani ya siku tatu, kunaweza kuwa asidi ya okadaiki, sumu nyingine ya mwani ambayo ugonjwa wake ulitambuliwa Japani miaka ya 1970. Inachosha sana lakini haiui. Kuharisha kunakoanza kesho yake, hasa pamoja na homa, kunaelekea zaidi kwenye bakteria au virusi, yaani maji machafu, upishi usiotosha au mikono. Hapa Kisumu, kwa kweli, mtu akiharisha kesho yake nianze na maji na mikono kabla ya kuufikiria mwani.

Dalili: ametapika, kisha amechanganyikiwa na hakumbuki

Ni nadra lakini ijulikane. Mwaka 1987, kome waliofugwa Kisiwa cha Prince Edward nchini Kanada waliwafanya watu zaidi ya 100 waugue, na watatu wakafa. Baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Sumu ilikuwa asidi ya domoiki, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akiipima kwenye kome. Kutapika kunakuja ndani ya siku moja, kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili. Mzee aliyekula kome jana na leo anamuuliza mkewe swali lile lile mara tano asipewe dawa ya malaria tu na kurudishwa nyumbani. Daktari aambiwe alichokula.

"Lakini tuliwapika vizuri"

Neno hili nimelisikia kila mahali, na ndilo linalonifanya niandike. Moto unaua bakteria. Saksitoksini si kiumbe, haina cha kuuawa, na haivunjwi na joto la jikoni. Kugandisha hakuigusi. Ndimu na siki ndiyo kabisa. Katika kipimo cha zamani cha maabara, kilichotumika kwa miongo mingi, nyama ya kome husagwa, huchanganywa na tindikali nyepesi ya hidrokloriki na kuchemshwa kwa dakika tano, ili sumu *itoke* na kupimwa. Wanaoitafuta wanaichemsha ndani ya tindikali na inabaki nzima. Ndimu yako itafanya nini?

Kuchemsha kuna jambo moja kunalofanya: kunaihamisha. Saksitoksini huyeyuka kwenye maji, hivyo sehemu yake inatoka kwenye nyama na kuingia kwenye mchuzi. Watu wakisikia kwamba nyama ya kuchemshwa ina sumu pungufu wanafarijika, kisha wanakunywa supu. Julai 1987, mwaka ule ule wa Kanada, watu 187 waliugua huko Champerico, pwani ya Pasifiki ya Guatemala, na 26 wakafa. Walikuwa wamekula supu ya samakigamba. Watoto wadogo ndio walioumia zaidi, kwa sababu kipimo kile kile cha sumu ndani ya mwili mdogo ni kikubwa.

Kuna na ile imani ya ganda. Tunafundishwa kwamba kome akifunguka akichemshwa ni mzima, asiyefunguka atupwe. Ni kanuni nzuri, lakini inakuambia tu kwamba alikuwa hai alipoingia sufuriani. Kome mwenye sumu ni hai, mnene, ana harufu ya bahari safi, na anafunguka vizuri kabisa. Rangi, harufu na ladha havitakusaidia.

Sahani moja, kwa hesabu

Kiwango kinachokubalika katika nchi nyingi ni mikrogramu 800 za saksitoksini kwa kilo moja ya nyama ya kome. Mikrogramu ni sehemu ya milioni moja ya gramu. Tuseme mlipuko wa mwani umepita na hakuna aliyepima, na kome wamefika mara kumi ya kiwango hicho, yaani mikrogramu 8,000 kwa kilo. Jambo hilo limetokea mara nyingi duniani.

Mgeni anakula sahani yenye gramu 200 za nyama iliyotolewa kwenye maganda. Amemeza mikrogramu 1,600. Vifo vimetokea kwa watu wazima waliokula kuanzia kama mikrogramu 1,000, ingawa wengine hustahimili zaidi. Kwa hiyo sahani moja ya kawaida, iliyopikwa kwa ustadi na kuliwa kwa raha, imeingia kwenye eneo la kifo. Mwenzake aliyeonja kome watatu, tuseme gramu 30, amepata mikrogramu 240: atahisi midomo inachonyota, labda na vidole, na kesho atakuwa mzima. Ndiyo sababu mezani mmoja anaweza kulegea na mwingine akacheka kwamba mdomo wake "umelala". Usimwache yule anayecheka aende nyumbani peke yake.

La kufanya mara moja

Mpeleke hospitali yenye mashine ya kupumulia, hata kama bado anatembea. Hakuna dawa ya kuiondoa saksitoksini. Kinachookoa ni kupumua: akisaidiwa kupumua, mwili wenyewe unaitoa sumu kupitia mkojo. Saa 12 za kwanza ndizo ngumu, na aliyezivuka kwa kawaida hupona kabisa. Akiacha kupumua njiani, mpulizie mdomo kwa mdomo bila kukata tamaa, kwa maana moyo wake bado unapiga.

Usimtapishe kwa nguvu na usimnyweshe maziwa, mafuta wala mkaa wa kusaga nyumbani. Koo lililokufa ganzi halimezi sawasawa, na kinachokusudiwa tumboni kitaingia kwenye mapafu.

Mwandikie daktari kwenye karatasi vitu vinne: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ganzi ilianza saa ngapi na wapi. Daktari wa Kisumu anayeona mtu aliyelegea atafikiria kiharusi, sumu ya dawa ya shamba au kuumwa na nyoka, na hana kosa, kwa sababu hayo ndiyo anayoyaona kila wiki. Neno "kome" kwenye karatasi ndilo litakalomgeuza.

Mabaki yote, nyama, mchuzi na maganda, yafunge kwenye mifuko miwili, andika tarehe na saa, yagandishe, na uyakabidhi kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Usiyaoshe. Maji ya kuoshea yataondoka na ushahidi.

Chanzo kiko kwenye lebo

Ukishashuku mwani, jiko halina la kukujibu tena. Swali linakuwa: walivunwa wapi na lini? Si lini waligandishwa, wala lini waliingia dukani. Tarehe ya kugandishwa inaweza kuwa wiki nyingi kabla ya leo, na sumu imelala humo inakungoja. Lebo kamili ina nchi na eneo la mavuno, tarehe ya kuvunwa, namba ya fungu na namba ya kiwanda kilichoidhinishwa. Kwa namba ya fungu, muuzaji anaweza kuulizwa cheti cha kipimo cha sumu za mwani cha eneo lile kwa wiki ile, na majiko mengine yenye pakiti za fungu hilo yakaonywa kabla ya chakula cha jioni.

Kosa tunalolifanya karibu wote ni hili: pakiti ya kilo moja inafunguliwa, nusu inatumika, nusu inahamishiwa kwenye kopo la plastiki lililoandikwa "kome" kwa kalamu, na lebo inakwenda kwenye pipa. Wiki ijayo pakiti nyingine inamiminwa juu yake. Mtu akiugua huna fungu, huna tarehe, huna hata nchi. Marekani sheria inawataka wauzaji wa chakula waweke lebo za kome na chaza siku 90. Nimeichukua kanuni hiyo: lebo inakatwa, inaandikwa tarehe ambayo pakiti iliisha, na inatundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa stoo. Mafungu hayachanganywi kamwe.

Anayekuletea chaza kwenye ndoo bila karatasi, akikwambia tu "wa jana, shefu, fresh kabisa", anaweza kuwa mkweli mtupu. Hajibu swali lako, kwa sababu chaza wa jana aliyetoka kwenye mlipuko ana sumu ya jana.

Na haya maji ya kijani ya hapa kwetu?

Ukisimama Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, wakati wa joto na upepo mdogo, ukaona maji yamekuwa mazito na ya kijani kama rangi iliyomwagika, huo nao ni mlipuko. Lakini ni wa viumbe vingine, bakteria wa kijani-buluu wa maji baridi, na sumu yao kuu hapa ni mikrosistini, inayoshambulia ini. Usitegemee ganzi ya midomo kuitambua. Kuchemsha hakuiharibu, tena kunapasua chembe na kuimwaga sumu ndani ya maji. Watafiti wameipima hata katika samaki wadogo wa Ghuba ya Winam, wale wanaoliwa wazima na matumbo yao. Samaki mkubwa mtoe matumbo na ini, umwoshe kwa maji safi yasiyotoka kwenye utando ule.

Kome wa ziwani nao huchuja maji kama ndugu zao wa baharini. Maganda yao tunayajua zaidi kwenye chakula cha kuku, lakini watoto wanaocheza ufukweni huwaokota na wakati mwingine huwachoma. Maji yakiwa ya kijani, wakatazwe.

"Bahari imeshasafika, mbona bado wamefungia uvunaji?"

Maji na nyama havisafiki pamoja. Mwani unaweza kufa na kutawanyika kwa siku chache na bahari ikarudi buluu, huku kome wakibaki na walichokusanya. Tena rangi haikuwa shahidi wa kuaminika tangu mwanzo: kuna milipuko mikubwa myekundu isiyo na sumu yoyote, na kuna sumu inayozidi kiwango wakati maji hayajabadilika rangi hata kidogo.

Kila aina ina mwendo wake. Kome akihamia kwenye maji safi hujisafisha ndani ya wiki chache, akitoa sumu kadiri anavyokula chakula kingine. Wako jamaa zake wasiokuwa na haraka hiyo. Kombe mmoja mnene wa Pasifiki ya kaskazini, anayepatikana Alaska, huweza kuishika saksitoksini mpaka miaka miwili. Kwa hiyo anayefungua eneo haangalii kalenda wala rangi ya maji. Anachukua nyama ya aina ile ile inayovunwa, anaipima, anarudia baada ya siku kadhaa, na vipimo vikishuka chini ya 800 mara zote ndipo mashua zinaruhusiwa. Pakiti iliyovunwa kabla ya kipimo hicho inabaki ya fungu lake la zamani, hata bahari iliyoizaa ikiwa safi leo.